Zamu ya Kubomoa Ijazwe Kwanza

SEHEMU YA 1

Leo siongelei homa wala uji wa lishe. Naongelea viti. Naongelea nani anabeba viti, nani anakunja turubai, na nani anabaki uwanjani saa 12 jioni ya Jumapili wakati wenzake wote wameshaoga na wanakula.

Uzi ni mrefu, nitauweka kwa sehemu. Wenye kunyonyesha, nyonyesheni huku mnasoma.

Mnajua kila mwaka mtaani kwetu tunafanya kambi ya afya ya watoto chini ya miaka 5. Ni siku mbili, Jumamosi na Jumapili, kwenye uwanja wa shule. Mtoto anapimwa uzito, anapimwa mkono kwa ule utepe wa rangi tatu, anapewa matone ya vitamini A kama muda wake umefika, na aliyekosa chanjo anapata. Sindano na matone ni kazi yetu sisi wahudumu wa afya. Mengine yote, kuanzia kupanga foleni, kuandikisha, kupima uzito, maji ya kunawa, meza na viti, yanafanywa na nyinyi. Mnajitolea. Hamlipwi.

Sasa kuna kauli naisikia kila mwaka kwenye kikao cha maandalizi: "Kujitolea ni moyo, sio ratiba. Waambieni wote waje asubuhi, watajipanga wenyewe."

Nasema wazi, na atakayekasirika akasirike: kauli hiyo ni uvivu uliovaa kanga ya upendo. Na anayelipa gharama ya uvivu huo ni mama yule yule kila mwaka.

SEHEMU YA 2

Ngoja niwasimulie kambi moja niliyokuwepo, sio mbali sana na leo. Sitaji mahali.

Jumamosi saa 1 asubuhi walifika watu 40 wa kujitolea. Raha, sio? Picha zilipigwa. Tatizo ni kwamba saa 1 asubuhi hakuna mtoto. Turubai halijafungwa, meza ziko darasani, ufunguo wa darasa yuko nao mwalimu ambaye hajafika. Watu kumi wanafanya kazi, thelathini wamekaa kwenye msingi wa darasa wanapiga stori. Saa 3 watoto wakafurika, kila mtu akasimama kwa pamoja, wawili wawili kwenye kazi ya mmoja, huku mizani moja haina mtu kabisa. Saa 6 chakula kikaletwa, watu wote 40 wakala kwa wakati mmoja na foleni ikasimama. Saa 7 wakaanza kuchomoka. Mmoja ana mtoto nyumbani, mwingine kaacha genge, mwingine kasema anakwenda kujisaidia na mpaka leo hajarudi.

Jumapili walikuja 11.

Jioni ya Jumapili tulibaki na wanawake wanne wa kubomoa. Mmoja wao alikuwa na mimba ya miezi sita. Nilimwona kwa macho yangu anaburuta benchi la shule, na mimi nesi mzima, niliyemfundisha kliniki asibebe vizito, nikanyamaza kwa sababu giza lilikuwa linaingia na hakukuwa na mtu mwingine.

Jumatatu asubuhi mwalimu akapiga simu. Watoto wa darasa la pili walikuta chini ya dawati sanduku la njano. Wanaojua wanajua: lile sanduku la kadibodi tunalotupia sindano zilizotumika, tunaliita sefti boksi. Mtoto mmoja alikuwa ameshalitikisa asikie linavyolia.

Hakuchomwa mtu. Nashukuru mpaka leo. Lakini sanduku lile lilikuwa jukumu langu, sio la mama mwenye benchi. Nilichoka, nilihesabu vibaya, nikaondoka na masanduku mawili badala ya matatu. Nilikuwa uwanjani tangu saa 12 asubuhi, siku mbili mfululizo, kwa sababu hata sisi wahudumu hatukuwa na zamu.

Kwa hiyo mtu akiniambia ratiba ni mambo ya kizungu, mimi nakumbuka mtoto anatikisa lile sanduku.

SEHEMU YA 3

Basi tuanze kupanga. Na hapa ndipo nitakapogombana na wengi: usianze na Ijumaa ya maandalizi. Anza na jioni ya Jumapili. Anza na kubomoa.

Sababu ni hii. Kila mtu anapenda kilele. Saa 4 asubuhi Jumamosi kuna watoto, kuna muziki, kuna mwenyekiti, kuna picha. Ukifungua orodha na kusema "chagueni muda", zamu hiyo inajaa kabla hujaweka simu chini. Kuandaa nako kunapata watu, maana watu bado wana hamu. Kubomoa hakupati mtu, kwa sababu hakuna cha kusubiri zaidi ya vumbi na mgongo kuuma.

Kwa hiyo mwaka huu niliomba kikao kinipe jambo moja tu: orodha ya kubomoa itumwe kwenye grupu la wasapu peke yake, siku tatu kabla ya orodha nyingine yoyote. Na majina ya kwanza kwenye orodha hiyo yawe ya wajumbe wa kamati wenyewe. Sio mama wa kawaida. Wajumbe. Mwenyekiti aliguna, halafu akaandika jina lake. Baada ya hapo majina mengine tisa yalipatikana kwa siku moja.

Ujumbe tulioutuma ulikuwa hivi, mnaweza kuuchukua na kubadilisha:

"Ndugu zetu, tunatafuta watu 12 wa kubomoa kambi Jumapili, saa 9 na nusu alasiri hadi saa 12 jioni. Sharti: usiwe umefanya zamu nyingine siku hiyo. Wanaume karibuni sana, kuna mabenchi. Wajawazito na waliojifungua karibuni, zamu hii sio yenu. Chakula chenu kimetengwa. Andika jina na namba, usiandike NITAJARIBU."

Lile sharti ndilo roho ya jambo lote. Mbomoaji asiwe mtu aliyekuwepo tangu asubuhi. Aliyechoka hasemi "sanduku moja halionekani". Aliyechoka anasema "twendeni".

Na akina baba, samahani, hapa nawasema. Mnawaleta wake zenu na watoto kwa bodaboda, mnageuza, mnakwenda kuangalia mpira. Jumapili saa 9 na nusu mna mikono miwili na migongo mizima. Benchi moja la shule linahitaji watu wawili. Njooni.

SEHEMU YA 4

Sasa kilele. Watu wengi wanagawa watu sawasawa: tuko 30, tugawe mara tatu, kumi asubuhi, kumi mchana, kumi jioni. Inaonekana haki. Sio haki, ni hesabu ya kugawa maandazi. Kazi haiji sawasawa.

Fanya hivi. Tulitegemea watoto 240 Jumamosi. Wanaoijua Jumamosi ya mtaani wanajua mama anatoka baada ya usafi na chai, kabla jua halijawa kali. Tukakadiria watoto 100 waje kati ya saa 3 na saa 5. Hao ni watoto 50 kwa saa moja.

Kuandikisha mtoto mmoja, kusoma kadi yake ya kliniki, kuandika jina, tarehe ya kuzaliwa na chanjo alizokosa, kunachukua kama dakika 4. Kwa hiyo mwandikishaji mmoja anamaliza watoto 15 kwa saa. Watoto 50 gawanya kwa 15 inakuja tatu na kidogo, yaani wanne.

Kupima uzito kwa mizani ya kuning'inia kunachukua kama dakika 3, ukihesabu kumvua nguo, kumvalisha kile kikaptula na kilio chake. Mizani moja inapima watoto 20 kwa saa. Watoto 50 wanataka mizani tatu. Na kila mizani inataka watu wawili, mmoja anaweka mtoto na kusoma, mwingine anaandika.

Tuliambiwa mizani ziko mbili. Mtu akasema, "Haina shida, tuongeze waandikishaji." Jamani! Mizani mbili zinapitisha watoto 40 kwa saa. Wanaingia 50. Kila saa kumi wanabaki. Ikifika saa 5 una mama 20 wamesimama juani na watoto wamevuliwa nguo, na waandikishaji wako sita wanaangaliana. Foleni haifupishwi mlangoni, inafupishwa pale inapokwama. Tukaazima mizani ya tatu.

Ukijumlisha kilele cha Jumamosi: foleni na lango watu 2, waandikishaji 4, mizani 6, kusaidia meza ya matone na kukagua kadi wakati wa kutoka 2, kona ya kunyonyeshea na watoto wanaosubiri 2, maji ya kunawa 1, wa kutumwatumwa 1. Jumla 18.

Saa nyingine zote, 9 wanatosha. Jioni hata 6.

SEHEMU YA 5

Sasa unawapataje watu 18 kwa saa mbili tu bila kuwakalisha 18 siku nzima? Hapa ndipo watu wanapokosea, nami nilikosea miaka.

Usibadilishe zamu katikati ya kilele. Ukimwondoa mwandikishaji saa 4 na kumweka mwingine, yule mpya hajui kalamu iko wapi, hajui mstari umeishia kwa nani, na mama aliyeandikishwa nusu anaanza upya. Badala yake, fanya zamu zilaliane juu ya kilele.

Jumamosi tulipanga hivi. Zamu ya kwanza saa 1 asubuhi hadi saa 5, watu 9. Zamu ya pili saa 3 hadi saa 7 mchana, watu 9. Mmeona? Kati ya saa 3 na saa 5 wote wapo, 18 kamili, na hakuna aliyefanya zaidi ya saa nne. Zamu ya tatu saa 6 na nusu hadi saa 10 na nusu jioni, watu 6, inapishana na ya pili kwa nusu saa ya kukabidhiana.

Jumapili ni mnyama mwingine. Watu wako ibadani. Ukifungua saa 2 asubuhi unawatesa watu wako bure. Kilele cha Jumapili huku kwetu kinaanza watu wakitoka kanisani, kati ya saa 6 na saa 8 mchana. Tulitegemea watoto 160, na 70 kati yao ndani ya hizo saa mbili. Hao ni 35 kwa saa: waandikishaji watatu, mizani mbili, jumla ya watu 14 tukimtoa yule wa kutumwa. Zamu ya kwanza saa 4 hadi saa 8, watu 7. Ya pili saa 6 hadi saa 10, watu 7. Zikalaliana palepale. Kuandikisha kulifungwa saa 9, na saa 9 na nusu wabomoaji wakaingia wakiwa wabichi.

Hesabu nafasi zote: Ijumaa ya kuandaa 10, Jumamosi 24, Jumapili 14, kubomoa 12. Nafasi 60. Kwa uzoefu wangu, kwenye kila watu kumi wanaosema "nipo", wawili hawatokei. Sio wabaya, mtoto kaumwa, mgeni kaja. Kwa hiyo kwa kila nafasi nne weka mtu mmoja wa akiba. Nafasi 60 zinakuwa 75. Kila mtu asizidi zamu mbili, na zisifuatane. Unahitaji watu 38. Wale 40 wa kambi ya zamani waliotawanyika wangetosha na kubaki!

SEHEMU YA 6

Kwa nini nasisitiza saa nne? Mtu atasema, "Sisi tunafanya kazi shambani siku nzima, saa nne ni nini?"

Fungua daftari la mizani la kambi isiyo na zamu. Soma uzito wa asubuhi: kilo 7.3, kilo 9.8, kilo 6.4. Soma wa saa 8 mchana: 8.0, 9.0, 7.5, 10.0. Mizani zile zina vistari vya gramu mia mia. Watoto hawabadiliki mchana wakaanza kuwa na uzito wa namba nzima na nusu tu. Aliyebadilika ni msomaji. Kachoka, anakadiria. Hiyo ndiyo alama: ukiona namba zote zinaishia na sifuri au tano, mtoe mtu kwenye mizani hiyo, mpe maji.

Na kuna utepe wa mkono. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, mkono ukisoma chini ya sentimita 11.5, utepe unaonyesha nyekundu, na huyo ana utapiamlo mkali. Mtoto huyo hatakiwi kutoka uwanjani bila kuonwa na muuguzi au tabibu. Mtu aliyekaa hapo saa nane, utepe ukiwa umelegea kidogo mkononi, nyekundu anaisoma njano. Mama anakwenda nyumbani na furaha. Hilo siwezi kulisamehe kwa jina la "moyo".

Halafu kuna mama anayenyonyesha. Anataka kujitolea, na ana haki. Usimwambie "wewe kaa nyumbani", wala usimpe saa nne lango la jua. Mpe saa mbili, za kukaa, kwenye meza ya kukagua kadi, karibu na kona ya kunyonyeshea, na umweke mwenzake wa kushika nafasi mtoto akilia. Kwenye ratiba nafasi hiyo inaandikwa kwa majina mawili, kila mmoja saa mbili. Ni kazi ya dakika tano kuipanga. Aliyekataa kuipanga asiseme akina mama vijana hawajitoi.

SEHEMU YA 7

Nijibu wapinzani wangu, maana wapo humu na nawapenda.

Mama mmoja muuza vitumbua aliniambia kikaoni: "Nesi, ratiba yako ni ya watu wenye saa. Mimi saa yangu ni ya mteja." Yuko sahihi, na alinifundisha. Ratiba inayotengenezwa na kamati kisha kutangazwa kwa watu ni amri. Kwa hiyo kwanza tunauliza kila mtu saa ambayo HAWEZI, ndipo tunapanga. Yule mama hawezi asubuhi. Alifanya Ijumaa ya kuandaa, saa 9 alasiri, vitumbua vimeisha. Alifunga kamba za turubai kuliko vijana wote.

Mwingine akasema: "Ukiweka zamu, watu watadai posho." Dada, watu wanadai posho sasa hivi, bila zamu. Pale penye nauli kidogo, shida ni kwamba inagawiwa asubuhi mtu akisaini. Anasaini, anapokea, anapotea. Ilipwe mwisho wa zamu, iwe sawa kwa wote, mbomoaji apate sawasawa na aliyepigwa picha. Na chakula vivyo hivyo. Pilau la wabomoaji lipikwe au litengwe mwisho, lisiwe ukoko walioachiwa na watu wa mchana. Ukitaka kujua kamati inamheshimu nani, angalia sufuria saa 10 jioni.

Wa tatu akasema: "Wazee wetu walifanya msaragambo bila karatasi." Kweli. Lakini kwenye msaragambo kila mtu alijua kazi ya kila mtu, maana walilima pamoja maisha yao yote. Sisi hapa mtaani, nusu ya grupu hatujuani sura. Karatasi inashika nafasi ya kujuana.

SEHEMU YA 8, YA MWISHO

Kubomoa kwenyewe kuna utaratibu, na huu ndio nataka muuhifadhi.

Hakuna anayenyanyua hata kiti kimoja kabla muuguzi hajatoa sindano. Sefti boksi zina namba kwa kalamu nene, moja, mbili, tatu. Zinafungwa zikijaa robo tatu, hazishindiliwi. Muuguzi anazihesabu kwa sauti mbele ya kiongozi wa wabomoaji, na wote wawili wanasaini. Mtu wa kujitolea hazigusi. Pili, vibebeo vya chanjo vinaondoka, maana chanjo inataka nyuzi joto 2 hadi 8 na haisubiri mabenchi. Tatu, madaftari na kadi zilizosahaulika, ndani ya begi moja, mikononi mwa mtu mmoja. Nne, mizani. Tano ndipo meza, mabenchi na viti, vikirudi darasa lilelile vilikotoka. Ijumaa mwandishe idadi kwa chaki mlangoni. Sita, turubai, likiwa kavu. Mwisho kabisa watu wote wanasimama mstari mmoja, mkono kwa mkono, wanatembea uwanja mzima kutoka ukuta hadi ukuta wakiangalia chini. Pamba, vifuniko, karatasi. Halafu madarasa, chini ya kila dawati. Kila dawati, jamani.

Mwaka huu wabomoaji walikuja 10 kati ya 12, na wawili wa akiba wakajaza. Walianza saa 9 na nusu, wakamaliza saa 11 na dakika 40, jua bado lipo. Sefti boksi nne zilitoka, nne zikasainiwa. Mwenyekiti alibeba mabenchi na shati likachanika, hakuna aliyepiga picha.

Hatukuwa wakamilifu. Tulisahau usiku. Tulipanga kuandaa, kilele na kubomoa, tukasahau nani analala na vifaa Ijumaa na Jumamosi. Mlinzi wa shule na kijana mmoja waliokoa jahazi kwa kukesha bila hata chai. Mwakani usiku ni zamu, ina majina mawili, na ina chupa ya chai.

Yule mama aliyeburuta benchi na mimba alijifungua salama, mtoto sasa anatembea. Mwaka huu alimleta kambini. Alifanya saa mbili, meza ya kadi, amekaa. Saa 8 mchana nikamwambia zamu yako imeisha, nenda nyumbani. Akaniuliza, "Na viti?"

Nikamwambia viti vina wenyewe.

Kikao cha maandalizi kikiitishwa mtaani kwenu, mtu akisema "njooni wote asubuhi", muulizeni kwa adabu: na jina lako kwenye kubomoa liko namba ngapi?